Mbegu ya EMA: kwa nini mwanzo wa chati haufanani kati ya jukwaa moja na jingine

*Nimeweka EMA ya 200 kwenye chati ya siku katika majukwaa mawili, bei ni zilezile. Upande wa kulia mistari inalingana hadi desimali ya mwisho, ila nikirudi mwanzo wa chati inaachana sana, na jukwaa moja haliuchori mstari kabisa kwenye mishumaa ya kwanza. Fomula si ni moja tu? Lipi limekosea, na nianze kuziamini namba kutoka wapi?*

Hakuna lililokosea. Majukwaa yote mawili yanafuata fomula ileile, na yanatofautiana mahali pamoja tu ambapo fomula yenyewe iko kimya. Tuitazame kwanza ilivyo:

```
EMA[t] = a * P[t] + (1 - a) * EMA[t-1]
a = 2 / (N + 1)
```

Thamani ya leo inapatikana kwa kuchukua sehemu ndogo ya bei ya leo na kuichanganya na thamani ya jana, na thamani ya jana ilipatikana vivyo hivyo kutokana na ya juzi. Mnyororo huu unarudi nyuma hadi kwenye mshumaa wa kwanza wa chati, na hapo unakatika, kwa sababu mshumaa wa kwanza hauna jana. Ili hesabu ianze, mtu aliyeandika programu hana budi kuweka thamani fulani kwa mkono wake. Thamani hiyo ndiyo inayoitwa mbegu, na mishumaa inayofuata, ambamo mbegu hiyo bado ina uzito wa kuonekana, ndiyo kipindi cha kupasha moto. Fomula haisemi mbegu iwe nini, na kila mwandishi wa programu amejiamulia.

Desturi zilizoenea ni tatu. Ya kwanza ni kuichukua bei ya kwanza kabisa ya chati kuwa ndiyo EMA ya kwanza. Hivyo ndivyo ulivyoandikwa mfano wa kiashiria cha wastani unaokuja na MetaTrader 5, na ndivyo inavyofanya maktaba ya pandas ukiiandikia `adjust=False`. Ya pili ni kusubiri mishumaa N ipite, kutafuta wastani wao wa kawaida, na kuuweka kuwa mbegu kwenye mshumaa wa N; hii ndiyo hali ya kawaida ya maktaba ya TA-Lib, ingawa maktaba hiyohiyo ukiiweka katika hali ya ulinganifu na Metastock inarudi kwenye bei ya kwanza. Ya tatu haiweki mbegu hata kidogo: kila bei iliyopo hupewa uzito unaopungua kadiri inavyorudi nyuma, kisha jumla hugawanywa kwa jumla ya uzito uliotumika kweli. Hiyo ndiyo pandas isipoambiwa lolote, yaani `adjust=True`.

Mfano mdogo utaonyesha ukubwa wa tofauti hizi kuliko maelezo. Nachukua N ya 5 ili hesabu ifanyike hata kwa kalamu: a ni theluthi moja, na kinachobaki cha jana ni theluthi mbili. Bei za kufunga za mishumaa mitano ya kwanza ni 100, 103, 106, 109 na 112.

Kwa desturi ya kwanza, EMA inaanza kwenye 100. Mshumaa wa pili unaisogeza kwa theluthi moja ya pengo kati yake na 103, ikawa 101. Wa tatu unaifikisha 102.67, wa nne 104.78, na wa tano 107.19. Kwa desturi ya pili hakuna kitu hadi mshumaa wa tano, ambapo wastani wa kawaida wa bei zote tano unatoa 106.00. Kwa desturi ya tatu, mshumaa huohuo wa tano unatoa 108.27. Bei ni zilezile, N ni ileile, fomula ni ileile, na bado kuna namba tatu zilizo mbalimbali kwa zaidi ya pointi mbili, katika chati ambayo tangu ianze imepanda pointi kumi na mbili tu.

Ukitaka kuzihakikisha mwenyewe, mistari hii ya Python inatosha:

```python
import pandas as pd

bei = pd.Series([100, 103, 106, 109, 112, 109, 112, 106])

def ema_sma(bei, n):
    s = bei.iloc[n-1:].astype(float).copy()
    s.iloc[0] = bei.iloc[:n].mean()
    return s.ewm(span=n, adjust=False).mean()

a = bei.ewm(span=5, adjust=False).mean()
b = ema_sma(bei, 5)
c = bei.ewm(span=5, adjust=True).mean()
```

Sasa, ipi kati ya tatu hizo ni ya kweli? Swali hili lina jibu, lakini jibu lenyewe halimo ndani ya chati. EMA kamili ni ile ambayo ingehesabiwa tangu soko lilipoanza, na chati yako imeanza katikati ya safari. Kwa hiyo kila mbegu ni dhana juu ya yaliyotokea kabla ya ukingo wa kushoto, hata kama mwenye programu hakukusudia kudhani lolote.

Anayeanza na bei ya kwanza anasema, bila kujua, kwamba kabla ya chati bei ilikuwa imelala kwenye 100 muda wote. Kama kweli ndivyo ilivyokuwa, basi 107.19 ndiyo EMA kamili. Tuseme badala yake kwamba kupanda kwa pointi tatu kwa kila mshumaa kulianza zamani, na chati imeanza tu kuonyesha sehemu ya mwisho ya mpando huo. Katika mpando ulionyooka, EMA hutulia nyuma ya bei kwa umbali wa mwinuko ukizidishwa kwa (N-1)/2. Hapa ni tatu mara mbili, yaani sita, na 112 ukiondoa sita ni 106 kamili. Mbegu ya wastani wa kawaida imeshinda, na haikushinda kwa bahati. Ule ugawaji wa 2 kwa N+1 huufanya umri wa wastani wa bei zilizomo ndani ya EMA kulingana na umri wa wastani wa bei zilizomo katika wastani wa kawaida wa N ileile, ambao ni mishumaa (N-1)/2, na ndiyo maana wastani huo wa kawaida ni mbegu ya busara pale soko linapokwenda kwa mwelekeo mmoja.

Tugeuze historia mara ya tatu: kabla ya chati soko lilikuwa likishuka pointi tatu kwa kila mshumaa, likafika 100, likageuka. Hapo EMA kamili kwenye mshumaa wa kwanza ilikuwa 106, ikiwa juu ya bei, na ukiisogeza hadi mshumaa wa tano unapata 108.37. Safari hii aliyekaribia ni wa tatu mwenye 108.27, na wa pili, aliyekuwa sahihi kabisa katika historia iliyopita, amekosea kwa zaidi ya pointi mbili. Mtu akikuambia kwamba mbegu fulani ndiyo sahihi, muulize ameyaonaje yale yasiyomo kwenye chati.

Kuhusu upande wa kulia, ambako umeona mistari ikilingana, kuna jambo ambalo watu wengi wanaotumia EMA kila siku hawajalitambua, nalo linafaa kuliko yote. Ongeza mishumaa mitatu kwenye mfano wetu, yenye bei za 109, 112 na 106. Anayetumia bei ya kwanza anapata 107.79, kisha 109.19, kisha 108.13. Anayetumia wastani wa kawaida anapata 107.00, kisha 108.67, kisha 107.78. Pengo kati yao lilikuwa 1.185 kwenye mshumaa wa tano. Sasa ni 0.790, halafu 0.527, halafu 0.351. Kila pengo ni theluthi mbili kamili ya lililotangulia, ingawa bei ilishuka, ikapanda, ikashuka tena.

Sababu ni nyepesi ukiitazama fomula: majukwaa yote mawili yanaongeza kitu kilekile, yaani a mara bei ya leo, kwa hiyo ukitoa moja katika nyingine bei inafutika na kinachobaki ni pengo la jana likizidishwa kwa (1 - a). Soko lifanye litakalo, haliwezi kulikuza pengo hilo wala kuliharakisha kufa. Kwa lugha ya N, pengo huzidishwa kila mshumaa kwa (N-1)/(N+1). Kwa EMA ya 5 hilo ni 0.667, na pengo hupungua nusu kwa chini ya mishumaa miwili. Kwa EMA yako ya 200 ni 199 kwa 201, yaani 0.990, na nusu hupatikana baada ya mishumaa 70 hivi.

Tuchukue basi hali inayofanana na yako. Tuseme kwenye mshumaa wa 200, pale jukwaa lenye mbegu ya wastani wa kawaida linapoanza kuchora, majukwaa mawili yanatofautiana kwa pointi 8. Baada ya mishumaa 70 tofauti itakuwa 4, baada ya 140 itakuwa 2, baada ya 210 itakuwa 1. Ili ishuke chini ya 0.01, ambapo skrini ya desimali mbili kwa kawaida haitaionyesha tena, inahitajika mishumaa 669 tangu ule wa 200, na kwa hiyo 869 tangu mwanzo wa chati. Katika soko lenye siku 250 hivi za biashara kwa mwaka, hiyo ni miaka mitatu na nusu. Mtu anayetazama miaka miwili ya historia na EMA ya 200 hajaufikia bado mwisho wa kipindi cha kupasha moto, hata akiwa kwenye mshumaa wa leo. Wewe umeukuta ulinganifu wa desimali zote upande wa kulia kwa sababu chati zako ni ndefu. Kihesabu pengo halijafika sifuri, limekuwa dogo tu kuliko kile ambacho skrini inaweza kuonyesha.

Hesabu ya jumla ya mishumaa inayohitajika, ukilijua pengo la kuanzia D na ukiamua kiasi e unachoweza kukivumilia, ni hii:

```
k = N / 2 * ln(D / e)
```

Ni makadirio, lakini kuanzia N ya 10 hivi kosa lake halifiki hata asilimia moja. Bila kulijua D, mimi huhesabu kwa uzito uliobaki wa mbegu: kwa EMA ya 200 mbegu bado ina asilimia 13.5 baada ya mishumaa 200, inashuka hadi asilimia moja baada ya 461, na hadi sehemu moja kwa elfu baada ya 691. Kwa hiyo ule usemi unaosikika mara nyingi, kwamba EMA ya 200 inahitaji mishumaa 200, unachanganya mambo mawili. Mishumaa 200 inatosha kuipata mbegu. Kuisahau ni kazi nyingine, nayo inadai mara mbili hadi tatu na nusu ya N juu yake.

Kanuni ya pengo linalopungua kwa kiwango kisichobadilika inakupa pia kipimo cha uchunguzi, ambacho nakushauri ukitumie kabla ya kulaumu mbegu kwa kila tofauti utakayoiona. Andika tofauti kati ya majukwaa mawili kwenye mishumaa kadhaa inayofuatana, kisha gawanya kila moja kwa iliyotangulia. Katika mfano wetu utapata 0.667 kila mara, na kwa Python ni mistari miwili:

```python
d = a - b
print(d / d.shift(1))
```

Kwa N kubwa kuna mtego: kwa EMA ya 200 pengo hupungua asilimia moja tu kwa mshumaa, na ukisoma namba kwenye skrini ya desimali mbili, mviringisho wake utakuharibia uwiano. Linganisha badala yake mishumaa iliyoachana kwa 70. Tofauti ya huku iwe nusu ya tofauti ya kule. Ikiwa hivyo, kosa ni la mbegu tu, na dawa yake ni historia ndefu zaidi.

Isipokuwa hivyo, umbo la kutolingana lenyewe hukuambia kisa. Pengo likitokea ghafla katikati ya chati, mahali ambapo mistari ilikuwa tayari imekutana, halafu likaanza kupungua kwa uwiano uleule, kuna mshumaa mmoja wenye bei tofauti katika majukwaa hayo mawili. Tofauti ya bei hiyo ni pengo la ghafla likigawanywa kwa a. Pengo likipanda na kushuka kila siku bila kufa, bei zenyewe hazifanani: huenda siku inafungwa saa tofauti, au jukwaa moja limezirekebisha bei za zamani kwa ajili ya gawio na jingine halijazigusa. Na pengo likibadilika pamoja na mwendo wa soko, likawa kubwa katika mpando, likafutika soko linapotulia, basi a si moja, na hiyo si habari ya mbegu tena.

Desturi ya tatu haiingii vizuri katika kipimo hiki, na ni haki niseme. Ukilinganisha `adjust=True` na `adjust=False` katika mfano wetu, pengo ni 1.090, kisha 0.750, kisha 0.571, na uwiano wake ni 0.688 na 0.762. Hapa pengo ni uzito wa mbegu ukizidishwa kwa umbali wa EMA ya leo kutoka bei ya kwanza, na umbali huo unabadilika na soko. Bado linakufa, kwa sababu uzito unakufa. Halifi tu kwa mstari ulionyooka. Ukiona uwiano unaokaribia (N-1)/(N+1) lakini unayumba kidogo, na mmoja wa walinganishwa ni pandas, usitafute zaidi.

Kuhusu jukwaa lisilochora mwanzo, usifanye haraka kudhani kwamba nafasi tupu ni alama ya mbegu ya wastani wa kawaida. Kuhesabu na kuchora ni mambo mawili. Ule mfano wa MetaTrader 5 niliousema hapo juu unaanza kuhesabu kwenye bei ya kwanza, lakini unaagiza mstari uonekane kuanzia mshumaa wa N tu, kwa hiyo mbele ya macho unafanana na yule aliyesubiri. Pandas nayo, ukiipa `min_periods`, inaficha thamani za mwanzo bila kubadilisha hata moja kati ya zinazofuata. Njia ya kujua ni kuichukua thamani ya kwanza inayoonekana na kuilinganisha na wastani wa kawaida wa mishumaa N hadi hapo: ikilingana kabisa, hiyo ndiyo mbegu; isipolingana, hesabu ilianza mapema nyuma ya pazia.

Kuna chanzo kingine cha tofauti ambacho kinasahauliwa, nacho ni kwamba majukwaa mawili yenye desturi ileile ya mbegu bado yataachana iwapo yamepakia historia ya urefu tofauti. Moja likianza mwaka 2010 na jingine mwaka 2020, yote mawili yanachukua bei ya kwanza, lakini bei za kwanza hizo ni mbili. Hata ndani ya jukwaa moja, ukiivuta chati nyuma na programu ikapakia mishumaa zaidi, mstari wa EMA unaweza kusogea mbele ya macho yako katika sehemu uliyokuwa ukiitazama. Watu wameliita hilo hitilafu ya programu. Ni mbegu imehamia kushoto.

Mimi mwenyewe niliumwa na jambo hili. Niliwahi kuandika programu iliyofuata EMA ya 200, nikaijaribu juu ya historia yote niliyokuwa nayo, na ishara zake zilikuwa safi. Ilipoanza kufanya kazi kila siku, niliifanya iombe kwa mtoa data mishumaa 210 tu kila asubuhi, nikiamini kwamba 10 za ziada ni akiba ya kutosha. Wiki chache baadaye ishara zilikuwa zikija siku ambazo majaribio yasingezitoa. Nilichokuwa nikikihesabu hakikuwa EMA: mbegu ilikuwa wastani wa kawaida wa mishumaa 200, na baada ya hatua 10 tu mbegu hiyo bado ilibeba asilimia 90 ya namba yote. Nilikuwa nimeujaribu wastani mmoja na kuuendesha mwingine, vyote vikiitwa kwa jina moja. Kilichonifumbua macho ni kwamba EMA ya mshumaa uleule wa Jumatatu ilisomeka namba moja Jumanne na namba nyingine Jumatano, kwa kuwa kila siku dirisha la mishumaa 210 lilisogea na mbegu ikasogea nalo. Mshumaa uliofungwa hauna haki ya kubadilisha EMA yake. Ukiona unabadilika, historia unayopakia ni fupi. Nilipopandisha ombi hadi mishumaa 1,000, mistari miwili ikawa mmoja.

Hali hii ni mbaya zaidi kwa viashiria vilivyojengwa juu ya EMA. Katika MACD ya 12, 26 na 9, mstari wa ishara ni EMA ya tofauti kati ya EMA mbili, kwa hiyo unapanda mbegu yake juu ya namba ambazo zenyewe bado zinapashwa moto, na mapengo yake yanarundikana. TA-Lib inaongeza jambo lake: ndani ya MACD, EMA ya 12 haianzi mapema kadiri inavyoweza, bali inasubiri ili itoke pamoja na ile ya 26, kwa hiyo mwanzoni haitalingana na EMA ya 12 uliyoihesabu peke yake kwa maktaba hiyohiyo. RSI nayo, kama J. Welles Wilder alivyoieleza mwaka 1978, inalainishwa kwa a ya 1/N badala ya 2/(N+1). RSI ya 14 ina kumbukumbu ya EMA ya 27, na mbegu yake inahitaji mishumaa 62 hivi kushuka hadi asilimia moja. Anayepakia mishumaa 30 kwa sababu "14 mara mbili inatosha" anasoma mbegu kwa sehemu kubwa kuliko anavyofikiri.

Kwa kazi yako basi, pakia mishumaa iliyotangulia sehemu unayotaka kuichunguza, ihesabu, kisha ifiche. Kwa EMA ya 200 ningepakia 900 kabla ya mshumaa wa kwanza ninaouamini, na kama historia yako inaruhusu 1,000, namba ni rahisi kukumbuka. Katika TA-Lib jambo hili lina kitasa chake, na sharti uijue maana yake: mstari ufuatao unaifanya maktaba ifiche mishumaa 700 zaidi baada ya mbegu, kwa hiyo usipoongeza historia utabaki bila thamani yoyote.

```python
talib.set_unstable_period("EMA", 700)
```

Hisa iliyoorodheshwa mwaka mmoja uliopita haina mishumaa hiyo, na hakuna mpangilio wa jukwaa lolote utakaoileta. Hapo EMA ya 200 siyo kitu kimoja bado; ni familia ya mistari, kila mmoja na dhana yake, na umbali kati ya mistari hiyo ndio ukubwa halisi wa kutojua kwako. Mimi huichora miwili, yenye mbegu ya bei ya kwanza na yenye mbegu ya wastani wa kawaida. Bei ikiwa juu ya yote miwili au chini ya yote miwili, swali la mbegu halibadilishi kitu. Ikiwa katikati yao, nachukua N fupi zaidi, kwa mfano 20, ambayo mbegu yake hushuka chini ya asilimia moja kwa mishumaa 47 tu.